Tofali la tundu, tofali zima au tofali la kuchoma: hesabu ukuta, usihesabu tofali

Nilipojenga nyumba yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo nimewaona wengi wakilirudia: nilikwenda kwa wauzaji watatu, nikauliza bei ya tofali moja, nikachagua la bei ya chini. Tofali la kuchoma lilishinda kwa mbali, kwa sababu ni dogo na tofali moja dogo haliwezi kugharimu kama bloku la saruji. Ukuta ulipofika kwenye linta ndipo nilipogundua kwamba saruji niliyoipangia nyumba nzima ilikuwa karibu kwisha. Tangu wakati huo nimejenga mara mbili zaidi, mara moja kwa matofali mazima ya saruji na mara moja kwa matofali ya tundu, na sasa sikubali tena kulinganisha chochote mpaka nikione kimesimama kama ukuta.

Tuchukue ukuta mmoja wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3, yaani mita 30 za mraba, tukiacha milango na madirisha ili hesabu isitusumbue. Tofali zima la saruji lenye uso wa milimita 450 kwa 225 na unene wa 150 huingia kama 9 na kidogo katika kila mita ya mraba, kwa hiyo ukuta wetu unataka matofali 280 hivi, pamoja na machache ya akiba. Tofali la tundu lenye uso huohuo lakini unene wa milimita 225 linaingia kwa idadi ileile. Tofali la kuchoma lenye vipimo vya 220 kwa 105 kwa 70, likilazwa ili ukuta uwe na unene wa urefu wa tofali moja, linahitaji kama 109 kwa mita ya mraba, yaani karibu 3,300 kwa ukuta mzima, na ukiongeza yanayovunjika njiani unafika 3,600.

Hapo ndipo mota inapoingia. Kila tofali lazima lizungukwe na mota, na matofali 3,300 yana viungo vingi mno kuliko matofali 280. Kwa ukuta wa matofali mazima, mota yote pamoja na inayomwagika haizidi sana theluthi moja ya mita ya ujazo, na ukichanganya saruji moja kwa mchanga tano unatumia mifuko 2 ya kilo 50. Kwa ukuta wa matofali ya kuchoma unahitaji mita ya ujazo moja na nusu au zaidi kidogo, yaani mifuko 9 hadi 10. Na hiyo ni kwa tofali lililonyooka. Tofali lililopinda katika tanuri humlazimisha fundi kuweka mota ya milimita 20 au 25 badala ya 10, kisha lipu nayo inakuwa nene ili kuficha mabonde. Fundi pia hulipwa kwa kazi, na kuinua kitu mara 3,600 si sawa na kukiinua mara 280, ingawa ni haki kusema kwamba tofali zima la saruji lina uzito wa kilo 30 na ukuta ukipita kifua huwezi kumtegemea mtu mmoja alipandishe siku nzima.

Basi bei ya haki ni hii: chukua idadi ya matofali kwa mita ya mraba mara bei yake, ongeza saruji na mchanga wa mota, ongeza ujira wa fundi kwa mita ya mraba, ongeza lipu ya pande zote mbili. Tofali la kuchoma linaweza kushinda hata baada ya hesabu hiyo, hasa likipatikana karibu, likiwa limenyooka, na ukiamua kuliacha wazi upande wa nje bila lipu. Lakini lishinde kwa hesabu hiyo, si kwa bei ya kipande kimoja.

Sasa kuhusu nguvu. Watu huuliza ni tofali lipi haliwezi kusagika, na jibu huwashangaza: kwa nyumba isiyo ya ghorofa, karibu yote yanatosha. Ukuta wa saruji wenye kimo cha mita 3 unakandamiza kozi yake ya chini kwa tani 6 hivi kwa mita ya mraba, na paa jepesi la bati haliongezi mengi. Tofali la nguvu ya kawaida ya niutoni 3 kwa milimita ya mraba hustahimili tani 300 kwa eneo hilohilo. Hata ukipunguza kwa sababu ya mota dhaifu na ufundi mbaya, nafasi iliyobaki ni kubwa. Kinachoangusha kuta za nyumba ndogo ni kusukumwa kutoka ubavuni, kwa upepo, kwa tetemeko au kwa msingi unaozama upande mmoja, na hapo kinachohesabika ni unene.

Wahandisi hugawanya kimo cha ukuta kwa unene wake, na kikomo kinachotumika sana ni 27. Ukuta wa mita 3 wa tofali zima la milimita 150 unapata 20, ambayo inakubalika. Ukuta wa tofali la tundu la milimita 225 unapata 13, nao ni imara zaidi dhidi ya kusukumwa ingawa una uzito mdogo kuliko ule wa tofali zima, kwa sababu saruji yake imesukumwa pembeni inakofanya kazi. Ukuta wa tofali la kuchoma uliojengwa kwa upana mmoja tu wa tofali, milimita 105, unapata karibu 29, yaani umepita kikomo. Ukiona mtu anakuuzia nyumba ya bei nafuu ya matofali ya kuchoma, pima kwanza unene wa ukuta kwenye fremu ya mlango.

Udhaifu wa tofali la tundu uko kwenye mzigo unaoangukia sehemu moja, na huu nilijifunza kwa gharama. Nilikuwa na dirisha la upana wa mita 2.4, na linta yake ililala sentimita 10 tu juu ya tofali la tundu kila upande. Kwa maneno mengine, mzigo wote wa paa juu ya dirisha ulitua juu ya kuta mbili nyembamba za tofali, kila moja ikiwa na sentimita tatu na nusu, huku katikati pakiwa hewa tupu. Baada ya miezi michache mstari mwembamba kama unywele ulitokea chini ya ncha ya linta, ukashuka kwa ngazi ukifuata viungo vya mota. Nilipouchokonoa kwa msumari, kipande cha uso wa tofali kilibanduka na nikaona giza la tundu ndani. Ilibidi tuinue linta kwa nguzo, tutoboe, na tujaze zege.

Siku hizi namwambia fundi kabla hajaanza. Matundu ya kila kona, ya kila upande wa mlango na dirisha, na ya kila mita moja na nusu hadi mbili katikati ya ukuta yajazwe zege yenye kokoto ndogo, na ndani yake isimame nondo ya milimita 12 iliyofungwa tangu kwenye msingi. Zege imwagwe kila baada ya kozi tatu au nne na kushindiliwa kwa fimbo, si kungoja ukuta umalizike kisha kumwaga kutoka juu, kwa sababu mota iliyoning'inia ndani huizuia njiani na ukibisha unasikia sauti ya debe. Linta ilale angalau sentimita 15, na matundu yaliyo chini yake yajazwe kozi mbili au tatu. Katika ukuta wetu wa mita 10, nguzo 7 za namna hiyo hula kama lita 400 za zege, mifuko 3 ya saruji, bila kuhesabu nondo. Gharama hiyo ihesabiwe kwenye bei ya tofali la tundu tangu mwanzo.

Kuhusu joto, tofali la tundu linasifiwa kupita kiasi. Ni kweli hewa iliyotulia huzuia joto, lakini ndani ya tundu kubwa hewa haitulii, na kuta za saruji zinazounganisha pande mbili za tofali hupitisha joto kama daraja. Ukuta wa tofali la tundu la milimita 225 huzuia joto zaidi kidogo kuliko tofali zima la milimita 150, na ukuta wa kuchoma wa milimita 220 huwashinda wote wawili, kwa sababu udongo uliochomwa hupitisha joto kwa kiasi cha nusu hivi ya saruji nzito. Hata hivyo, ubao wa stairofomu wa milimita 25 tu huzuia joto kuliko ukuta wowote kati ya hii mitatu. Tofauti ninayoihisi mwenyewe ni ya saa: ukuta wa kuchoma unaopigwa na jua la magharibi hutoa joto lake ndani usiku tumeshalala, ilhali ule wa tofali zima jembamba huanza kuwa wa moto tukiwa bado tunakula chakula cha jioni. Kwa chumba cha kulala, sina hakika ni faida.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulichanganya: tofali la kuchoma liloweshwe kabla ya kujengwa, kwa sababu likiwa kavu hunyonya maji ya mota na kiungo hubaki unga. Tofali la saruji, la tundu au zima, lijengwe likiwa kavu, kwa sababu husinyaa linapokauka, na likijengwa bichi au limelowa, litasinyaa ukutani na kupasua lipu. Limwagiliwe maji kwa wiki moja hivi baada ya kufyatuliwa, kisha liachwe likauke mpaka lifikishe siku 28.

Na kabla ya kulipa, muulize mfyatuaji anapata matofali mangapi kwa mfuko mmoja. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 za saruji, na tofali zima la milimita 150 lina ujazo wa lita 15. Akijisifu kwamba anapata 40, umesikia kwa kinywa chake kwamba anaweka mchanga si chini ya mara 17 ya saruji. La kuchoma livunje moja vipande viwili: likiwa na kiini cheusi kinachokwaruzika kwa kucha, lilale ndani ya ndoo usiku mmoja, na asubuhi utazame kilichobaki chini ya maji.