Kipato cha pembeni kwa mtu wa shifti: angalia kazi inayokubali kuachwa katikati

"Wakuu, mimi ni nesi hospitali binafsi hapa Dar. Naingia shifti za asubuhi, jioni na usiku, rosta inabadilika kila mwezi. Muda wangu ni vipande vipande, leo masaa matatu, kesho hakuna. Nina laki mbili. Nifanye biashara gani ya pembeni?"

Dada, mimi niko kiwandani, nazunguka shifti tatu kama wewe, na kipato changu cha pembeni ni sabuni ya maji. Kabla sijakueleza kwa nini nimeichagua, acha nikwambie ninavyoipima biashara yoyote. Naiuliza maswali mawili. La kwanza: nikiitwa kazini ghafla, kazi niliyoiacha katikati itaharibika? La pili: mteja ananihitaji saa anayotaka yeye au saa ninayoweza mimi?

Chukua kuku wa nyama, ambao kila mtu atakushauri. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 mchana na usiku. Umeme ukikatika saa tano usiku nawe uko wodini, asubuhi unakuta wamelundikana kona moja, wengine wamekufa. Kama nyumbani hakuna mtu wa kuamka usiku, achana nao. Uwakala wa pesa unafeli swali la pili: kibanda lazima kiwe wazi watu wanapotoka kazini. Utamwajiri binti, na kamisheni ya kibanda kichanga itaishia kwenye mshahara wake. Bodaboda ukimpa kijana, sawa, ila laki mbili hainunui pikipiki. Ukikodi uendeshe mwenyewe, mwenye chombo anataka hesabu yake kila siku, hata siku uliyolala baada ya usiku.

Sabuni ya maji inapita maswali yote mawili kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ni kusubiri, na kusubiri kunafanyika wewe ukiwa kazini.

Kwa lita 20 ninatumia asidi ya salfoniki lita moja, slesi kilo moja, soda ashi robo kilo, chumvi, rangi, pafyumu na dawa ya kuzuia isiharibike. Vyote vinapatikana Kariakoo kwenye maduka ya kemikali za sabuni, na muuzaji atakupimia ile dawa kulingana na lita zako. Usiku kabla ya kulala nalowesha soda ashi kwenye maji, na chumvi kwenye chombo chake. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, hata ukitoka shifti ya jioni unaiweza. Siku nyingine nikipata saa moja na nusu iliyotulia, nakoroga salfoniki na slesi kwenye ndoo ya plastiki kwa mwiko wa mti mpaka zishikane, kisha naongeza maji kidogo kidogo. Halafu naingiza maji ya soda ashi taratibu, huku napima kwa karatasi za pH. Ikifika kati ya 7 na 8 nasimama, na mara nyingi robo kilo haiishi. Ukiimwaga yote kwa kukisia, sabuni inakausha na kuwasha mikono, na mama lishe anayeosha vyombo kutwa nzima hatanunua tena.

Chumvi ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito, lakini ina kikomo. Ukivuka hapo sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji, na ukiongeza chumvi nyingine unazidi kuiharibu. Kwa hiyo chota sabuni kwenye glasi, jaribu humo kwanza, ndipo uingize kwenye ndoo kidogo kidogo.

Ukimaliza, funika uondoke. Soda ashi inapokutana na asidi inatoa gesi, ndiyo maana ndoo inajaa povu. Iache mpaka kesho yake, na ukiitwa kazini hata siku mbili haina neno. Wanaopaki siku hiyo hiyo wanajaza povu: dumu linaonekana limejaa, likifika kwa mteja limepungua, na anaona amepunjwa.

Jambo moja sitalegeza: usikoroge asubuhi unapotoka usiku. Salfoniki inachoma ngozi na macho, inataka glavu, miwani na akili iliyopumzika. Masaa ya baada ya shifti ya usiku usiyahesabu kabisa kwenye muda wako wa biashara. Chukua rosta ya mwezi, kata siku hizo zote, kisha tafuta vipande viwili kila wiki: kimoja cha kukoroga, kimoja cha kupaki na kupeleka. Usipovipata, punguza iwe wiki mbili mara moja. Sabuni haitakudai.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo utaona kama muda wa vipande unalipa au haulipi. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo ichukue kama mfano. Tuseme mali ghafi ya lita 20 ni 18,000, madumu manne ya lita 5 ni 4,000, nauli 3,000. Jumla 25,000. Ukiuza dumu 9,000 unapata 36,000, unabaki na 11,000. Ukihesabu safari ya Kariakoo, kukoroga, kupaki na kupeleka, umetumia kama masaa matatu na nusu, yaani karibu 3,000 kwa saa. Sasa fanya lita 60 kwa mkupuo. Mali ghafi 54,000, madumu 12,000, nauli tuseme 5,000, jumla 71,000. Mauzo 108,000, faida 37,000, na muda haujazidi masaa sita, kwa sababu safari ya Kariakoo ni ile ile na usafi wa ndoo ni ule ule. Saa moja imekuwa zaidi ya 6,000. Mtu wa shifti anapata faida yake kwenye mkupuo mkubwa, si kwenye kuuza vichupa kila siku.

Lakini lita 60 zinataka wanunuzi wa madumu kumi na mbili, na hao lazima wawe watu wasiojali umekuja Jumanne au Alhamisi. Tafuta mama lishe, saluni, waosha magari, shule ndogo za chekechea. Mwachie kila mmoja dumu la akiba zaidi ya lile analotumia, mwambie akifungua la akiba akutumie ujumbe. Hapo una siku kadhaa za kupeleka jingine. Hilo dumu la akiba nalo lilipwe siku hiyo hiyo kwa lipa namba. Mkopo wa mali kauli unataka mtu wa kupita jioni kudai, na jioni zako si zako.

Ukitaka kuingiza madukani na lebo yako, utahitaji alama ya TBS. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa, wanawaandikia wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho kwenda TBS. Soma pia mkataba wako wa kazi kuhusu shughuli nyingine, na usimuuzie mwajiri wako bila idhini ya maandishi.

Kwa laki mbili yako, anza na lita 20 tu pamoja na ndoo, glavu, miwani na karatasi za pH. Madumu ya kwanza yapeleke kwa watu wanne tofauti. Pesa zilizobaki zisiguswe mpaka angalau wawili kati yao wamekutumia ujumbe wa kutaka tena, ndipo ununue mali ghafi ya lita 60.