Viatu Ndivyo Vinavyoamua: Rangi ya Mkanda, Saa na Soksi kwa Mwenye Nguo Chache za Kazini

Mwanamume mwenye suruali tatu na jozi moja ya viatu anaweza kwenda ofisini mwaka mzima akiwa nadhifu, ilimradi vitu vyake vidogo visigombane. Ninaowaona Posta asubuhi wakishuka kwenye mwendokasi wengi wana shati safi na suruali iliyopigwa pasi vizuri. Kinachoharibu ni kiunoni, kwenye kifundo cha mkono na juu ya kiatu: viatu vya kahawia, mkanda mweusi, saa ya mkanda wa rangi ya ugoro na soksi nyeupe. Hapo kuna rangi nne kwenye vitu vinne, na hakuna hata mbili zinazosaidiana.

Mimi nafuata utaratibu mmoja. Viatu vinachagua mkanda wa suruali, mkanda wa suruali unachagua mkanda wa saa, na suruali inachagua soksi. Naanzia kwenye viatu kwa sababu ndivyo ghali zaidi na ndivyo vigumu kubadilisha. Mkanda unanunua leo ukitoka kazini, lakini kiatu cha ngozi kinachokukaa vizuri mguuni unakitafuta.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipoajiriwa alinipigia simu: "Kaka, mshahara haujatoka bado, ila nataka ninunue mkanda. Nichukue rangi gani?" Nikamwambia anitajie kwanza alivyo navyo. Alikuwa na suruali ya daki bluu, ya kijivu na ya kaki. Mashati yalikuwa meupe na ya bluu mpauko. Viatu vilikuwa jozi moja ya ngozi, kahawia iliyokoza. Mkanda alikuwa na mweusi, na saa yake ndogo ya mviringo ilikuwa na mkanda mweusi pia. Soksi zilikuwa za kila namna, nyingine za mpira.

Viatu vyake vilikuwa vimeshamaliza nusu ya kazi. Kahawia iliyokoza inakaa na daki bluu, inakaa na kijivu na inakaa na kaki, kwa hiyo suruali zote tatu zimepata kiatu. Kilichokosa mwenzake ni ule mkanda mweusi. Mweusi juu na kahawia chini unamkata mtu katikati, hasa akivaa kaki, kwa sababu kitambaa cheupecheupe kinaufanya mkanda uonekane kutoka mbali. Jibu langu kwake lilikuwa: nunua mkanda mmoja wa kahawia iliyokoza, badilisha mkanda wa saa uwe wa kahawia, basi. Saa yenyewe usiiguse.

Shida ni kwamba kahawia ziko nyingi. Kuna ya ugoro, kuna ya asali, kuna inayoelekea wekundu, na kuna iliyokoza hadi inakaribia nyeusi. Mkanda hauhitaji kufanana na kiatu kama vile vimekatwa kwenye ngozi moja. Inatosha viwe vimekoza karibu sawa na vyote vielekee upande mmoja, ama wekundu ama umanjano. Ukishindwa kupata rangi ya karibu, chukua mkanda uliokoza kidogo kuliko kiatu, usichukue uliopauka. Mkanda uliopauka unavuta macho tumboni. Angalia na mng'ao pia: kiatu kinachong'aa kinataka mkanda wenye mng'ao kidogo, na kiatu cha ngozi ya manyoya manyoya, ile isiyopigwa kiwi, kinataka mkanda uliofifia.

Ukienda Kariakoo kununua, vaa viatu vyenyewe. Picha ya simu inadanganya, kwa kuwa kamera inarekebisha rangi kulingana na mwanga uliopo. Taa za ndani ya duka nazo zinadanganya: chini ya taa kali nyeupe, kahawia iliyokoza na nyeusi zinafanana, na daki bluu inaonekana nyeusi kabisa. Toka na mkanda hadi mlangoni, ulaze juu ya kiatu, uangalie kwa mwanga wa jua. Muuzaji mzuri hatakuzuia.

Kabla hujalipa, fanya jambo moja zaidi. Lowesha kidogo pembe ya leso nyeupe, kisha sugua upande wa ndani wa mkanda na ukingoni. Leso ikitoka na rangi, rangi hiyohiyo itahamia kwenye shati lako jeupe siku ya kwanza ya jasho, na doa la ngozi kwenye pamba ni gumu kutoka. Kisha tazama ule ukingo. Mkanda wa ngozi ya kweli unaonyesha nyuzinyuzi za ngozi kutoka juu hadi chini. Ule wa makombo ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa unaonyesha tabaka, na juu yake kuna utando mwembamba kama plastiki. Huo ukivaliwa kila siku unaanza kupasuka kwenye tundu unalolitumia, halafu unabambuka, na kinachobaki chini yake ni kijivu. Kwa mwenye mkanda mmoja tu, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya rangi.

Upana wa sentimita 3 hadi 3.5 unafaa kwa suruali ya ofisini. Wa sentimita 4 ni wa jinzi, na mara nyingi haupiti vizuri kwenye vishikizo vya suruali ya kitambaa. Mkanda wenye matundu matano ufungike tundu la katikati, ili ubaki na nafasi ukinenepa au ukipungua.

Watu wengi huniuliza kuhusu mikanda ya pande mbili, nyeusi huku na kahawia kule, yenye bizimu inayogeuka. Inavutia kwa mwenye bajeti ndogo. Mimi siipendi kwa kazi ya kila siku. Kile kiungo kinachogeuka hulegea mapema, na upande usiotazama nje unasuguana na suruali kutwa nzima, kwa hiyo unapougeuza unakuta umeshachakaa.

Sasa saa. Ikiwa una jozi moja ya viatu, mkanda wa saa wa ngozi wa rangi ileile ya mkanda wa suruali unapendeza sana, na kubadilisha si kazi kubwa. Pima kwa rula pengo ambamo mkanda unaingia kwenye saa, kwa milimita. Saa nyingi za kiume ni 18, 20 au 22. Mkanda wa 20 kwenye pengo la 22 unaacha uwazi pembeni na unachezacheza, na wa 22 kwenye pengo la 20 utalazimisha na kujikunja. Fundi saa anabonyeza kile kipini chenye springi, anatoa wa zamani na kuingiza mpya huku umesimama. Saa ya mdogo wangu ilikuwa ya 20, na mkanda mpya ulimgharimu kidogo sana kuliko angenunua saa nyingine.

Hapa pwani, hata hivyo, ngozi mkononi ina adui. Joto la Dar es Salaam linaifanya inywe jasho. Ikishiba jasho inakuwa ngumu, inanuka, na upande wa ndani unageuka mweusi. Fungua saa ukifika nyumbani na uilaze mkanda ukiwa wazi upate hewa usiku kucha. Na kama unaswali ofisini, utaivua saa kila unapotawadha. Mkanda wa ngozi unaorudishwa juu ya mkono mbichi kila adhuhuri na alasiri hautadumu.

Kwa mtu wa namna hiyo namshauri saa ya mkanda wa chuma cha pua. Nasema hivyo kwa sababu nyingine pia: chuma cheupe hakina ugomvi na ngozi yoyote. Unakivaa na viatu vyeusi leo, kesho na vya kahawia, na huna cha kubadilisha. Kinachotakiwa kifanane nacho ni bizimu ya mkanda wa suruali tu. Saa ya fedha, bizimu ya fedha. Saa ya dhahabu, bizimu ya dhahabu. Pete ya ndoa iache kama ilivyo, hakuna mtu anayeipima na bizimu.

Tukija kwenye soksi, wengi wanalinganisha soksi na viatu. Ni salama kwa viatu vyeusi na suruali nyeusi, lakini kwingine inapotea. Soksi inaonekana ukikaa, suruali inapopanda. Ikiwa na rangi ya suruali, mguu unaonekana mmoja mrefu kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu. Ikiwa na rangi ya kiatu, unaonekana umevaa buti fupi. Kwa hiyo suruali ya daki bluu inapata soksi za daki bluu, na ya kijivu inapata za kijivu zilizokoza kidogo kuliko kitambaa.

Kaki ndiyo yenye utata, maana soksi za kaki ni adimu, na zikipatikana hupauka haraka. Usihangaike. Vaa daki bluu na kaki, hasa ukiwa na shati la bluu mpauko, kwa kuwa soksi inapata mwenzake juu. Hii ndiyo sababu nilimwambia mdogo wangu anunue jozi nne za daki bluu na mbili za kijivu, zote za aina moja na kutoka duka moja. Soksi moja ikitoboka au ikipotea kwenye kamba ya kuanikia, iliyobaki inaungana na nyingine bila mtu kujua.

Chagua zenye pamba nyingi na uzi kidogo wa kuvutika, na zifike katikati ya muundi angalau. Soksi fupi inaacha ngozi ya mguu wazi ukikunja nne, na hapo rangi yote uliyoipanga haina maana. Zifue ukizigeuza ndani nje, uzianike kivulini, na usiziloweke na nguo nyeupe zenye dawa ya kung'arishia. Daki bluu ikipata dawa hiyo inageuka kizambarau chafu, na nyeusi inakuwa kama kutu.

Akipata jozi ya pili ya viatu, nimemwambia iwe nyeusi, kwa ajili ya misiba, usaili na siku za wageni wakubwa. Ule mkanda wake mweusi wa zamani bado upo na utapata kazi. Soksi za daki bluu na za kijivu zitaendelea kuvaliwa kama zilivyo, kwa sababu zinafuata suruali, na suruali hazijabadilika. Kitakachomsumbua ni saa tu, na hapo ndipo atakapoamua kama atabadilisha mikanda miwili kwa zamu au atahamia kwenye chuma.