Jua halizami baharini Mjimwema: kugeuza picha ya mchana kuwa ya magharibi

*Shikamoo fundi. Mimi ni dalali, nina nyumba ya kuuza Mjimwema, Kigamboni. Geti liko upande wa barabara, bahari iko nyuma. Nimeipiga saa kumi jioni, jua kali, picha safi kabisa. Mwenye nyumba anataka ile ya magharibi, madirisha yanawaka. Nimeweka anga la machungwa na jua linazama, nimepaka madirisha njano, lakini kila anayeiona anacheka, ati katuni. Kuna kijana anauza pakiti ya anga 200 kwa elfu thelathini, anasema anga langu ndilo baya. Ninunue?*

Marahaba. Usinunue.

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na kila mara kuna kijana wa pakiti nyuma yake. Wamewaaminisha watu kwamba magharibi ni anga: toa la buluu, weka la machungwa, kazi imekwisha. Ndiyo maana picha zao zote zinafanana, na zote zina nyumba iliyosimama kwenye jua la saa kumi chini ya anga la saa moja usiku. Jicho la mnunuzi halijui kueleza kasoro iko wapi, lakini linaikataa.

Kasoro yako haiko kwenye anga. Angalia chini ya upenu wa paa lako. Kuna mstari mkali unaokata ukuta, juu yake kivuli na chini yake mwanga mweupe. Angalia na pevingi za uani: kivuli cha mti kimelala pale, kila jani linahesabika. Vivuli vya namna hiyo vinatengenezwa na jua, na wewe umeniambia jua limezama. Wakati wa magharibi mwanga unatoka anga zima kwa pamoja, laini, kwa hiyo hakuna mstari chini ya upenu, kuna giza linaloongezeka taratibu kadiri unavyoingia ndani ya kibaraza. Ungeweka hata anga mia mbili zote za yule kijana, mstari ule ungebaki pale pale ukikusuta.

Mstari ule unaweza kufutwa kwa mkono, sikatai. Nimewahi kukaa siku nzima na ukuta mmoja. Sehemu yenye jua ina mwanga mara nne hadi nane ya ile ya kivulini, na ina unjano, wakati ya kivulini ina ubuluu. Kwa hiyo haitoshi kuipunguza mwanga tu, lazima ubadilishe na rangi yake, kisha upambane na ule ukingo unaobaki kama kovu. Kwenye ukuta wa plasta laini unaweza kushinda. Kwenye pevingi, nyasi na majani ya mnazi utapoteza usiku wako bure.

Njia rahisi ni kubadilisha picha unayoanzia. Nyumba yako inaangalia upande wa magharibi, kwa hiyo saa kumi jioni jua linaipiga usoni. Rudi saa mbili asubuhi. Jua litakuwa nyuma yake, upande wa bahari, na uso wote wa nyumba pamoja na ua wa mbele utakuwa kivulini, mwanga laini, hakuna mstari. Simama mahali ambapo paa linaliziba jua lenyewe. Mawingu mazito yakiwepo ni bora zaidi. Anga litatoka jeupe kama karatasi. Usihangaike nalo, linakwenda kubadilishwa. Weka kamera kwenye tripodi, piga kwa RAW, na kabla hujapiga fungua mapazia, washa taa zote za ndani na za kibarazani. Mchana hazitaonekana sana, lakini utajua kila balbu iko wapi, na hilo utalihitaji.

Sasa uhariri. Anza na nyumba, anga mwisho. Kwenye Camera Raw ya Photoshop shusha `Exposure` hadi kati ya -1.50 na -2.00, kisha punguza `Temp` kidogo kidogo mpaka ukuta mweupe upate ubuluu hafifu. Kwangu huishia karibu na 4500. Usiende mbali zaidi, kwa sababu uso wa nyumba yako unatazama kule jua lilikozama na unapokea mwanga wa anga lile. Nyumba inayoangalia mashariki ndiyo inayostahili kuwa ya buluu na giza zaidi. Hakikisha kupunguza huku hakugusi anga. Liache jeupe vile vile. Hapo ndipo utamu wa ile picha ya asubuhi: ukiweka anga jipya kwa modi ya `Multiply` kuzunguka majani ya mnazi, weupe wote unachukua rangi ya anga jipya na majani yanabaki meusi, bila ule ukingo mweupe unaowasaliti wengi.

Na anga lenyewe ndilo lililonifanya nikae chini nikujibu kwa urefu. Ndugu yangu, wewe ni mtu wa Kigamboni. Umesimama barabarani unatazama nyumba, nyuma yake bahari. Unatazama mashariki. Umeona lini jua likizama pale? Mnunuzi wa Dar ataliona hilo kabla hajahesabu vyumba. Ni vivyo hivyo Nyali, Diani, Paje na Jambiani: bahari iko mashariki, jua linachomoza humo, halizami. Forodhani pale Mji Mkongwe jua la kuzama baharini ni sawa, maana ufukwe unatazama magharibi. Anga la mashariki baada ya jua kuzama lina uzuri wake wa kipole: chini kabisa kuna utepe wa kijivu-buluu, ambao ni kivuli cha dunia yenyewe, juu yake waridi hafifu, kisha buluu inayokolea. Toka nje leo dakika chache baada ya jua kuzama, igeukie bahari, ulipige kwa simu yako. Tayari una anga la nyumba yako, na elfu thelathini iko mfukoni.

Madirisha. Umepaka njano bapa juu ya kila kioo, na nina hakika umepaka na grili pia. Grili iwe upande wa nje wa kioo au wa ndani, haijalishi. Mwanga unatoka nyuma yake, kwa hiyo nondo zake lazima zionekane nyeusi zikikata mwanga. Chagua kioo tu, kipande kwa kipande, uache nondo na fremu. Ukishindwa kuwa mvumilivu hapa, acha picha ibaki ya mchana.

Halafu kuna tatizo la mwakisi. Mchana kioo kinaonyesha mti wa nje na mawingu, hasa hivi vioo vya kuakisi vya buluu na kahawia tunavyovipenda. Ukiongeza mwanga na njano juu yake unapata mti wa njano dirishani. Chukua picha za ndani ambazo umeshapiga kwa ajili ya tangazo, sebule iwe sebule na chumba kiwe chumba, zinyooshe zikae nyuma ya grili, zififishe kidogo. Sehemu ya juu karibu na dari iwe na mwanga zaidi kwa sababu balbu iko huko. Kioo cha kahawia kikiwashiwa taa ndani hutoa mwanga wa kahawia, usikisafishe. Jikoni kwa kawaida tuna taa nyeupe, si ya njano, na dirisha la choo lina kioo cha ukungu kinachoonyesha mwanga bila vitu. Acha dirisha moja giza. Nyumba ambayo kila chumba kinawaka sawasawa inafanana na ofisi.

Mwanga huo usiishie kwenye kioo. Utoke, uguse sakafu ya kibaraza na upande wa chini wa upenu, na ufifie haraka. Balbu ikiangaza kitu mita moja, kilichoko mita mbili kinapata robo tu ya mwanga ule. Wengi wanatandaza unjano mpaka getini, mita kumi na tano, kama taa za uwanja wa mpira.

Ukimaliza, weka safu ya `Hue/Saturation` juu ya kila kitu, ushushe `Saturation` hadi -100 na uiweke kwenye modi ya `Color`. Bila rangi, picha inakuambia ukweli. Balbu na madirisha yawe ya kwanza kwa mwanga, yafuatiwe na anga la chini, kisha ukuta, kisha ua, na miti iwe karibu nyeusi. Ukuta ukiwa na mwanga kuliko anga lililo nyuma yake, bado uko mchana, haidhuru rangi ni nzuri kiasi gani.

Kuna jambo la mwisho, na hili si lako peke yako. Taa utakazowasha kwenye picha ziwe zile zilizopo. Miaka ya nyuma niliifanyia kazi nyumba moja ambayo, kumbe, haikuwa imeunganishwa umeme. Mimi nilitumiwa picha tu, nikaombwa niwashe madirisha, na nikaongeza taa nne za bustani kwa ufundi wangu mwenyewe kwa sababu ua ulionekana mtupu. Mnunuzi akaenda kuiona jioni, makusudi, ili aione ilivyo kwenye picha. Akakuta giza, nyaya zinaning'inia kibarazani, na bustani haina hata nguzo moja. Dalali alinipigia kunilaumu, na sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile nauliza kwanza kama kuna mita ya Luku, siongezi balbu isiyokuwepo, sifuti nguzo ya umeme wala ukuta wa jirani, na chini ya picha naandika kwamba imehaririwa kutoka ya mchana. Yule wa pakiti hakuulizi hayo, kwa sababu si yeye atakayesimama getini na mteja.

Na kabla hujafanya yote haya, fikiria pia kwenda pale siku moja saa kumi na mbili jioni na tripodi. Huku kwetu karibu na ikweta utusitusi ni mfupi, takriban dakika 20 tangu jua kuzama, na dakika nzuri ni zile za katikati, anga na madirisha vinapokaribiana kwa mwanga. Washa taa, simama barabarani, piga kila dakika mbili bila kuisogeza tripodi. Ukikosa siku hiyo, ile ya saa mbili asubuhi bado ipo. Ukiimaliza nitumie mbili, ya rangi na ile isiyo na rangi.