Maswali na majibu: bomba la wima la maji taka la inchi 3 litatosha?

Nimesoma kwamba yuniti moja ya kupimia maji taka ni lita 28 kwa dakika. Nikizidisha kwa idadi ya yuniti, si napata maji yote ya jengo?

Hapana, na kosa hili huwafanya watu wanunue mabomba makubwa kupita kiasi. Lita 28, yaani futi moja ya ujazo, ndiko hesabu ilikoanzia. Siku hizi yuniti ni kipimo cha mzigo wa kifaa kama choo au sinki: kinamwaga maji kiasi gani, kwa muda gani, na mara ngapi kwa siku. Mwaka 1940 Roy Hunter wa Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani alionyesha namna ya kupima mzigo wa mabomba kwa uwezekano wa vifaa kutumika kwa pamoja. Vyoo vinane havivutwi kwa sekunde moja, na jedwali limeshalizingatia hilo. Kwa hiyo jumlisha yuniti, kisha nenda moja kwa moja kwenye jedwali la ukubwa wa bomba bila kupitia lita.

Jengo langu lina sakafu nne pamoja na ya chini, kila sakafu nyumba mbili zinazopakana ukuta wa maliwato. Bomba moja la wima la inchi 3 litabeba zote?

Nitatumia kanuni ya kimataifa ya mabomba, IPC. Kama nchi yako inafuata kanuni nyingine, chukua majedwali yake yote. Usihesabu yuniti kwa moja na kupima bomba kwa nyingine.

Choo, beseni la kunawia na bafu vikiwa kundi moja la maliwato huhesabiwa yuniti 5, mradi choo kinatumia maji yasiyozidi lita 6 kwa mvuto mmoja. Sinki la jikoni ni 2, mashine ya kufulia 2. Nyumba moja inapata 9, sakafu moja 18, jengo zima 72.

Bomba la wima la inchi 3 linalopokea matawi kutoka zaidi ya sakafu tatu linaruhusiwa yuniti 72, na kutoka sakafu moja yuniti 20. Kwa hiyo umepita, lakini huna nafasi hata ya beseni moja la ziada. Mimi ningeweka inchi 4, ambayo hufika yuniti 500.

Pa kuangalia zaidi ni chini, bomba linapolala kuelekea nje. Bomba kuu la ulalo la inchi 3 lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita hubeba yuniti 42 tu. Hapo inchi 4 ni lazima: kwa mteremko huo inabeba 216, na ukishuka hadi sentimita 1 kwa mita inabeba 180. Bomba lilelile hubeba kidogo likilala kwa sababu maji hayasukumwi na chochote ila huo mteremko.

Nikiiondoa sakafu ya chini na kuiunga peke yake kwenye bomba kuu, si nabaki na yuniti 54, hivyo inchi 3 itatosha kwa raha?

Hapa jedwali huwanasa wengi. Ukibaki na sakafu tatu unahamia safu nyingine ya jedwali, ile ya sakafu tatu au pungufu, na humo inchi 3 inaishia yuniti 48. Mzigo umepungua, lakini bomba sasa halitoshi. Weka inchi 4.

Wazo lenyewe la kuitenga sakafu ya chini ni zuri sana. Ndani ya bomba la wima maji hushuka yakiwa yameambaa kwenye kuta, katikati pakiwa na hewa. Yakifika kwenye kona ya chini hupunguza mwendo ghafla na kuvimba, mara nyingine yakajaza bomba. Tawi lililoungwa hapo karibu hupokea shinikizo hilo: choo cha chini kinabubujika watu wa juu wakitumia maji, povu la sabuni linatokea bafuni. Unga tawi hilo umbali wa angalau mara 10 ya kipenyo cha bomba la wima kutoka kwenye kona. Kwa inchi 4 ni kama mita moja.

Kwa nini nisiweke inchi 6 kila mahali nilale usingizi?

Kwa sababu kwenye bomba linalolala, maji ya mvuto mmoja yakitandazwa kwenye bomba pana yanakuwa kina kifupi. Yanapita, uchafu unabaki, na baada ya miezi bomba linaziba ingawa ni kubwa. Lengo ni mwendo wa mita 0.6 kwa sekunde au zaidi.

Ukisikia sinki likigugumia au harufu ikitoka kwenye trapu iliyonyonywa maji, yaani ule mkunjo wa bomba chini ya kifaa, kabla ya kulaumu ukubwa panda paani ukaangalie bomba la hewa. Likiwa limezibwa au halikufikishwa nje, hata inchi 6 itagugumia.