Mgonjwa akiuliza "niko wa ngapi?", usikimbilie kumtajia namba

Nyie mnaoanza kukaa dirisha la mapokezi, swali hili mtalisikia kabla hata hamjamaliza chai ya asubuhi. Mimi lilinishinda mwezi wangu wa kwanza kazini, kwenye kliniki moja yenye daktari mmoja.

Siku hiyo saa 3:00 asubuhi daktari alikuwa ndiyo kwanza amemwita mgonjwa wake wa kwanza. Akaja mama mmoja, nikamwandikia kadi, akauliza yuko wa ngapi. Nikamwambia, "Wa saba, mama." Akauliza atasubiri muda gani. Kila mgonjwa alikuwa anachukua kama dakika 10, nikazidisha haraka kichwani, saba mara kumi, nikamjibu saa moja na dakika kumi. Akaenda zake sokoni kununua mboga. Saa 4:00 kamili jina lake likaitwa, hayupo, akaingia wa nane. Mama akarudi saa 4:08, tena akiwa amewahi kwa mujibu wa maneno yangu, akakuta nafasi yake imeshaliwa. Alinisema, na alikuwa na haki.

Kosa langu ni kwamba nilimhesabu na yeye mwenyewe. Aliye wa saba ana watu sita mbele yake. Wa kwanza hana mtu, wa pili ana mmoja, wa tatu ana wawili, unapanda hivyo hivyo mpaka wa saba. Muda wa kungoja unatokana na hao sita, kwa sababu dakika 10 za mama huyu zinaanza akishaingia ndani. Hazimcheleweshi yeye, zinamchelewesha wa nane. Sita mara kumi ni dakika 60, na ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye kadi za namba mtego unageuka kidogo. Tuseme kadi ya mgonjwa ni 31 na ubao unaonyesha 25. Ukihesabu kwa vidole kuanzia 25 hadi 31 utapata kadi saba, na ya saba ni yake. Toa tu: 31 kutoa 25 ni 6. Ila huyo wa 25 yuko ndani, hayuko kwenye benchi. Mgonjwa akigeuka kutazama benchi ataona watano, kuanzia 26 hadi 30, na atakuja kukubishia. Mwambie, "Watano hapa, na mmoja kwa daktari." Na kabla hujasema hivyo tupia jicho mlango, maana ubao mara nyingi unabaki na 25 wakati mwenyewe ameshatoka yuko dirisha la dawa. Hapo waliobaki mbele ni watano basi.

Madaktari wakiwa wawili, wageni wengi wanagawa saba kwa mbili na kupata dakika 35. Wafuate hao watu kwa macho: wawili wa kwanza wanaingia pamoja, baada ya dakika 10 wa tatu na wa nne, baada ya 20 wa tano na wa sita, na baada ya 30 anaingia wa saba. Yaani unagawa wale sita, siyo saba. Wakiwa madaktari wanne, sita kwa nne ni moja na baki mbili. Baki unaiacha, kwa kuwa wa tano hadi wa nane wanaingia kwa mkupuo, dakika ya 10. Hesabu hii inakubali pale vyumba vyote vinapoanza pamoja na wagonjwa wakichukua muda unaokaribiana. Akitokea mmoja wa dakika 25, imeharibika.

Kinachowavuruga zaidi wageni ni kuamini kwamba kadi ndiyo nafasi. Akiletwa mtoto anayetetemeka kwa degedege na mwingine aliyevunjika mkono, wote wanapitishwa mbele. Yule mwenye 31 bado ana 31 mkononi, ila mbele yake sasa kuna wanane, na ameshakuwa wa tisa bila kusogea alipokaa. Kinyume chake kipo pia: mwenye 28 ameondoka kimya kimya, kadi imo kwenye hesabu, mtu hayupo. Ndiyo maana mimi kila baada ya nusu saa naita namba kwa sauti na kuwakata wasioitika.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza yuko wa ngapi, namjibu: "Kabla yako kuna watu sita." Na akitaka kutoka namtajia muda uliopungua kidogo, dakika 45 badala ya 60. Akirudi mapema atanuna kidogo kwenye benchi. Yule mama wa mboga alinuna mpaka saa 4:20, alipoingia baada ya wa tisa.