Kudai marejesho kwenye WhatsApp bila kuonekana una kisirani

Mimi ni mhazini wa kikoba chetu huku Tabata, na meseji inayonipa kazi kuliko zote ni ya kumkumbusha mtu marejesho. Tukionana ana kwa ana, sauti ingenisaidia. Kwenye simu, anayedaiwa anaisoma kwa sauti aliyonayo kichwani, na mara nyingi tayari anajihami.

Tuichukue hii, iliyotumwa kwa mwenzetu mmoja ikazua maneno siku nzima:

"DADA TUNASUBIRI MAREJESHO YAKO... ASANTE!!! 🙂"

Aliyeituma alijiona mstaarabu, si ameshukuru? Ila herufi kubwa tupu husomeka kama kufoka. (Kuna wazee huandika hivyo kwa sababu macho yamechoka, hao wasamehewe.) Nukta tatu zinaacha kitu kikining'inia, kama vile kuna "usipoleta utaona" iliyomezwa. Shukrani ya kitu ambacho hakijaletwa, tena yenye alama tatu za mshangao, inageuka kejeli. Na hicho kiuso cha tabasamu dogo ndicho kibaya zaidi: wengi, hasa vijana, wanakiona ni cheko la mtu aliyekasirika akajikaza.

Mimi ningeandika hivi:

"Habari za jioni dada. Nakukumbusha marejesho ya mwezi huu, sh. 85,000. Mwisho ni *Ijumaa saa 12 jioni*. Kama kuna ugumu, niambie mapema tuone tunafanyaje 🙏"

Hizo nyota mbili, ukiziweka mwanzo na mwisho wa maneno bila kuacha nafasi ndani, WhatsApp inayakoleza. Koleza kitu kimoja tu, kile asichotakiwa kukisahau. Ukikoleza na jina na kiasi, umerudi kulekule kwenye kufoka.

Mikono 🙏 nimeiweka baada ya ombi, makusudi. Usiiweke kwenye sentensi ya faini. Ukiandika "Atakayechelewa atalipa faini 🙏", watu wanadhani faini inajadilika, na watakuja kuijadili kweli. Sentensi ya faini iishie kwa nukta, basi.

Nukta hiyohiyo kwenye jibu la neno moja ina ukali wake. Mtu akikuomba siku mbili ukamjibu "Sawa." anaweza kujiuliza kama umenuna. "Sawa dada, nimekuelewa" linaondoa wasiwasi, na halihitaji emoji yoyote.

Tangazo la msiba naliandika bila emoji kabisa. 😭 ndiyo ya kuogopa, maana vijana wanaitumia kwa kucheka mpaka machozi, na kwenye grupu moja mna shangazi na wajukuu.

Kuna kitu alama hazirekebishi: kumtaja mdaiwa mbele ya grupu zima. Hata ukiweka maua, umemuaibisha. Mfuate inboksi, na akikaa kimya baada ya tiki za bluu, mpigie.