Kifaa cha kusikia kilichookotwa: picha inatuambia ni cha aina gani?

Barua za awamu hii zimetoka Kisumu, Nakuru na Mumias, na zote zinahusu vifaa vya kusaidia kusikia vilivyookotwa na kupigwa picha. Nimefanya kazi na wanafunzi viziwi kwa miaka mingi, na ninajua jinsi mtoto anavyokaa darasani siku ambayo kifaa chake kimepotea njiani. Ndiyo sababu nimejibu baadhi ya maswali kwa urefu.

"Mwalimu, nimeokota kitu hiki kwenye kiti cha matatu iliyokuwa ikitoka Busia kuja Kisumu. Ni kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, kinapitisha mwanga kama plastiki ya chupa, na kina tundu. Nadhani ni kile kifaa kinachoingia ndani ya sikio. Je, nimepatia?" – Msomaji, Kisumu

Hapana, dada yangu, ila kosa lako ni la kawaida sana. Nimeitazama picha yako kwa makini, na swali la kwanza nililojiuliza ni hili: betri inakaa wapi? Kifaa cha kusikia hakifanyi kazi bila betri, na betri inayobadilishwa hukaa kwenye kijumba chenye kimlango kinachofunguka kwa ukucha. Katika kifaa kinachoingia kwenye mfereji wa sikio, kimlango hicho huwa upande wa nje, ule unaotazamana na mtu anayezungumza na mvaaji, na karibu nacho huonekana kitundu kimoja au viwili vya maikrofoni. Upande wa nje wa kitu chako hauna kimlango wala maikrofoni. Ni plastiki tupu, na tundu unalolisema linaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Ulichookota ni kizibo cha sikio, yaani kile kipande kinachofinyangwa kwa kufuata umbo la sikio la mtu mmoja tu. Kizibo hicho huunganishwa kwa mrija laini na kifaa kinachokaa nyuma ya sikio. Katika picha yako ya pili, kwenye mdomo wa lile tundu, kuna pete nyembamba ya rangi ya manjano. Hicho ni kisiki cha mrija uliokatika. Mrija mpya hupitisha mwanga na unapinda kwa urahisi, lakini baada ya miezi kadhaa ya jasho na joto hugeuka manjano, hukakamaa, kisha hupasuka pale pale unapoingia kwenye kizibo. Kwa hiyo mwenye kifaa hiki anavaa cha nyuma ya sikio, mrija wake ulikuwa umezeeka, na huenda ulikatika alipokuwa akivua kofia, kitambaa au barakoa.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, kwa sababu nusu ya pili ndiyo ya thamani kubwa. Tafadhali mtafute kondakta wa gari hilo, mkaangalie pamoja chini ya kiti na kwenye nafasi iliyo kati ya kiti na ukuta wa gari. Mnatafuta kitu kilichopinda kama mwezi mwandamo au kama punje ya korosho, chenye rangi ya ngozi, ya kahawia au ya kijivu, na juu yake kina kulabu ndogo ya plastiki ambayo hukaa juu ya sikio. Kimlango cha betri huwa kwenye ncha ya chini. Kama ni cha zamani kidogo, utaona swichi yenye herufi O, T na M. O ni kuzima, T ni kwa simu na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo, na M ni maikrofoni. Kikipatikana, kizibo chako kitaunganishwa tena kwa mrija mpya, nayo ni kazi ya dakika chache kwa fundi.

"Cha kwangu kina kijumba kidogo, na kutoka hapo kuna waya mwembamba kama uzi wa kushonea unaoishia kwa kofia laini ya mpira. Si hiyo kofia inaingia ndani ya sikio? Basi nikiite cha ndani?" – Msomaji, Nakuru

Hicho bado ni cha nyuma ya sikio. Tunakipa jina kutokana na mahali kijumba cha betri na maikrofoni kinapokaa, wala si kutokana na mahali sauti inapotokea. Katika kifaa chako spika imehamishwa kutoka kwenye kijumba na kuwekwa kwenye ncha ya ule waya, chini ya kofia ya mpira. Ikiwa badala ya waya ni kijimrija chembamba chenye uwazi ndani, spika imebaki nyuma ya sikio, lakini jina la kundi halibadiliki. Usiuvute waya huo ukijaribu kuunyoosha, kwa maana umepindwa makusudi ili ufuate sikio.

"Nimekuta kisanduku kama cha kiberiti ndani ya begi la mtumba hapa Mumias. Nyuma kina kibanio na kina waya mmoja. Mzee wangu anasema ni redio ndogo. Ni redio kweli?" – Msomaji, Mumias

Mpe mzee heshima zake, kwa sababu kwa mbali vinafanana sana. Hata hivyo picha yako inaonyesha kifaa cha kusikia cha kuvaliwa kifuani. Redio huwa na njia ya kuchagua stesheni, lakini chako kina gurudumu moja tu la kupandisha na kushusha sauti, pamoja na swichi. Zile nafasi ndogo za wavu zilizo sehemu ya juu ni mlango wa maikrofoni, na ziko juu kwa sababu kisanduku huvaliwa mfukoni au kwenye ukanda wa kifuani, sauti ikiwa inatoka mbele. Fuata waya hadi mwisho wake. Utakuta kitufe cha mviringo kilicho kinene kama vifungo viwili vya shati vilivyobandikwa pamoja, chenye kichomozo katikati. Hiyo ni spika, na kichomozo hicho hubanwa kwenye kizibo cha sikio kwa mlio mdogo wa "tak". Kizibo hakimo kwenye picha yako, na hilo ndilo lililowapoteza.

Fungua kifuniko cha betri upige picha nyingine. Vifaa vya kifuani hutumia betri ya AA au AAA, zile zile za saa ya ukutani na rimoti, wakati vya nyuma ya sikio na vya ndani ya mfereji hutumia betri bapa zinazofanana na kitufe au, siku hizi, betri ya kuchaji iliyofungiwa ndani. Tofauti hiyo ndiyo iliyovifanya vifaa vya kifuani vidumu vijijini, kwani betri yake inapatikana dukani. Pia maikrofoni iko mbali na spika, hivyo kifaa kinaweza kutoa sauti kubwa bila kupiga mbinja. Udhaifu wake ni ule waya, ambao hukatikia ndani karibu na plagi bila kuonekana kwa nje, na nguo inayosugua maikrofoni na kumletea mvaaji mkwaruzo mchana kutwa.

Kuna tahadhari moja. Ikiwa waya wa kisanduku, au wa kifaa cha nyuma ya sikio, unaishia kwa kisahani bapa kisicho na tundu la sauti, nacho kinanata kwenye kijiko cha chuma, hicho si kifaa cha kusikia cha kawaida. Ni sehemu ya nje ya kipandikizi cha koklea, na mwenyewe amewekewa sehemu ya pili ndani ya kichwa kwa upasuaji. Bila hicho kisahani mtu huyo mara nyingi hasikii chochote kwa sikio hilo, kwa hiyo pigia simu hospitali kubwa iliyo karibu siku hiyo hiyo na uombe kitengo cha masikio.

"Nitakijuaje kile cha ndani ya mfereji kwa uhakika? Nisije nikakichanganya na spika za simu zisizo na waya." – Msomaji, Nakuru

Spika za simu kwa kawaida huwa jozi zinazofanana kama mtu na kioo chake, zina nukta za shaba za kuchajia, na umbo lake ni laini la kiwandani. Kifaa cha ndani ya mfereji mara nyingi kimefinyangwa kwa sikio la mtu mmoja, kwa hiyo kina mabonde na miinuko isiyo na mpangilio, kama kipande cha tangawizi kilichopakwa vanishi. Kimlango cha betri kiko upande wa nje. Kwenye ncha ya ndani kuna kitundu cha sauti, ambacho mara nyingi kimeziba kwa nta ya sikio. Kikiwa kidogo kama punje ya haragwe na kina uzi mfupi wa nailoni wenye kifundo mwishoni, ni kile kinachozama kabisa mferejini, na uzi huo ndio wa kukivutia nje.

Angalia pia rangi ya maandishi au nukta: nyekundu ni sikio la kulia, buluu ni la kushoto. Rangi hizi zipo hata kwenye vya nyuma ya sikio, mara nyingi ndani ya kimlango cha betri.

"Nimepata betri tu, ina kibandiko cha rangi ya machungwa. Inatosha kujua aina?" – Msomaji, Kisumu

Haitoshi. Rangi ya machungwa ni betri namba 13, ambayo hutumika zaidi kwenye vya nyuma ya sikio lakini pia kwenye vile vikubwa vinavyojaza bakuli la sikio. Buluu ni namba 675, ya vifaa vyenye nguvu vya nyuma ya sikio na baadhi ya vipandikizi. Kahawia ni 312 na manjano ni 10, ambayo ndiyo ndogo kuliko hizo nyingine tatu. Iweke mbali na watoto, kwa sababu ikimezwa au ikiingizwa puani inaweza kuunguza mwili kwa ndani.

"Nipige picha namna gani, na je, nikijaribu sikioni mwangu kuna ubaya?" – Msomaji, Nakuru

Usikijaribu sikioni. Vifaa vyenye nguvu vinaweza kutoa sauti inayozidi desibeli 130, na sikio lenye afya linaweza kuumia. Ukitaka kujua kama kinafanya kazi, funga kimlango cha betri, kiwashe, kisha kikumbatie ndani ya kiganja. Kikipiga mbinja, betri na spika vina uhai. Kikinyamaza hujathibitisha lolote, kwa sababu huenda betri imekwisha tu.

Kwa picha, kilaze kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu, na uweke sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Piga upande wa nje, upande wa ndani, chini, na moja kimlango cha betri kikiwa wazi. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoihitaji zaidi, lakini usiitume kwenye kundi la kijiji, maana namba ya kifaa mara nyingi imeandikwa hapo. Mwenye mali ataulizwa namba hiyo, au rangi ya nukta, kabla ya kukabidhiwa. Kama kimelowa, toa betri, kipanguse kwa kitambaa kikavu na ukiache kivulini kimlango kikiwa wazi; kamwe usikiweke karibu na jiko. Kisha kiandikishe kwenye OB ya kituo cha polisi, na uiarifu shule ya viziwi iliyo karibu nawe, kwa kuwa mara nyingi walimu wa huko huvitambua vizibo vya wanafunzi wao kwa macho.